Vizibo vya Soda Kwenye Mizani: Somo la Ukubwa na Uzito kwa Darasa la Pili

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, vizibo vya soda vimo darasani tayari. Vimejazwa kwenye mfuko au vimetungwa kwenye uzi, na vina kazi moja tu: ni vihesabio. Mtoto akiulizwa nne ongeza tatu, anasogeza vinne, anasogeza vitatu, kisha anahesabu vyote. Lakini changanya vizibo hivyo na vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, na mfuko uleule unatoa somo jingine kabisa. Unamfundisha mtoto kwamba ukubwa wa kitu na uzito wake ni mambo mawili tofauti, na kwamba kila moja lina namna yake ya kupimwa.

Kwa mtu mzima hilo ni dogo. Kwa mtoto wa miaka saba au minane bado ni fumbo. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, pamoja na mwenzake Bärbel Inhelder, walichunguza jinsi watoto wanavyopanga vitu kwa mfuatano. Waliona kwamba watoto wengi huweza kupanga vijiti kutoka kifupi hadi kirefu wakifika miaka 7 hivi, lakini kupanga vitu kutoka chepesi hadi kizito huchelewa mpaka karibu miaka 9. Urefu unaonekana, mtoto anavitazama vijiti vyote kwa pamoja na kuona kilichokosea nafasi. Uzito hauonekani. Inabidi ashike viwili, akumbuke kilichoshinda, akiweke chini, ashike kingine, na katikati ya kazi hiyo macho yanamshawishi kwamba kilicho kikubwa ndicho kizito. Mwanafunzi wa darasa la pili yuko hapo katikati: ukubwa ameshaumudu, uzito bado. Ndiyo maana andalio la somo ninaloeleza hapa linaanza na ukubwa na kumalizia na uzito, na vifuniko vyake vimechaguliwa kwa makusudi ili macho na mizani vipingane.

Vifuniko vya kukusanya

Tuchukue darasa la wanafunzi 60, makundi kumi ya watoto sita. Kila kundi lipewe vifuniko 30 vilivyochanganywa ndani ya kopo moja: vizibo 12 vya soda vya bati, vifuniko 12 vya plastiki vya chupa ndogo za maji, vinne vya ukubwa wa kati kama vile vya chupa za juisi zenye mdomo mpana, na viwili vikubwa vya makopo ya siagi ya karanga. Kwa darasa zima ni vifuniko 300. Hoteli moja ya mtaani na duka moja la vinywaji vitakupatia vizibo vya soda vyote kwa siku chache ukiwaomba wasivitupe.

Kiini cha mkusanyiko huu ni aina mbili za kwanza. Kizibo cha soda na kifuniko cha maji vina upana unaokaribiana sana, kama milimita 30 hivi. Lakini kizibo ni kifupi na ni cha chuma chembamba, na uzito wake ni kama gramu 2 na kidogo. Kifuniko cha maji kina kimo mara mbili ya hicho au zaidi, kwa hiyo machoni kinaonekana kikubwa, na bado kile cha plastiki nyembamba kina kama gramu moja na nusu tu. Mtoto atakisia kwamba kirefu ni kizito, na mizani itasema vingine.

Hata hivyo vifuniko vya plastiki havilingani. Vile vya chupa za plastiki za soda ni vinene zaidi, kwa sababu vinazuia gesi, na vingine uzito wake unakaribia ule wa kizibo cha bati. Ukivitia kwenye makopo ya somo la kwanza, kundi moja litaona mizani imeshuka na la pili litaona imekaa sawa, na hutajua kama ni kosa la watoto au la vifuniko. Kwa hiyo mwalimu apime kwanza mwenyewe, achague aina moja ya kifuniko cha maji iliyo nyepesi waziwazi, na aina hiyo ndiyo iingie kwenye makopo yote.

Vizibo vya bati vinahitaji kukaguliwa kimoja kimoja. Ondoa vilivyopinda sana wakati wa kufunguliwa na vyenye meno yaliyochomoza, kwa kuwa vinakata vidole. Kisha geuza kila kimoja utazame ndani. Kuna utando mwembamba wa plastiki unaoziba mdomo wa chupa, na watoto huuchokonoa, hasa nyakati za bahati nasibu ambapo zawadi huandikwa chini yake. Kizibo kisicho na utando ni chepesi kidogo kuliko wenzake. Mkono hauwezi kuitambua tofauti hiyo, lakini ukiviweka vitano kwa vitano mizani inainama, na mtoto anayeambiwa kwamba vizibo vya soda vinalingana anaona kinyume chake. Chagua vyenye utando wote.

Osha vyote kwa maji moto na sabuni, vianike juani vikiwa vimefunuliwa mpaka vikauke kabisa. Maji yaliyonasa kwenye mikunjo ya kifuniko cha plastiki yanaongeza uzito unaotosha kuharibu matokeo. Na kamwe usikubali kifuniko kilichotoka kwenye chupa ya dawa ya mimea, dawa ya mifugo, mafuta ya taa au maji ya betri, hata kama kimeoshwa. Unapowatuma watoto kuleta vifuniko kutoka nyumbani, wataje kwa majina unavyovitaka: vya soda, maji na juisi, basi.

Kipimio cha ukubwa

Ukimwambia mtoto apange vifuniko kwa ukubwa bila kumpa kipimio, ugomvi utaanza. Mmoja atatazama upana, mwingine kimo, na wote watakuwa na hoja. Andalio zuri linaamua mapema: leo ukubwa ni upana wa mdomo, na kipimio ni tundu.

Chukua kipande cha boksi gumu. Kwa bikari, chora duara la kipenyo cha milimita 35 na jingine la milimita 45, kisha ukate matundu mawili kwa wembe. Kifuniko hulazwa juu ya tundu bila kusukumwa. Kinachopita kwenye tundu dogo ni kidogo. Kinachokwama kwenye dogo na kupita kwenye kubwa ni cha kati. Kinachokwama kwenye yote mawili ni kikubwa. Mtoto yeyote aliyemwona mama akichekecha unga anaielewa kazi hii mara moja: tundu ndilo linaloamua, si macho. Kabla ya somo, pitisha vifuniko vyako vyote kwenye kipimio. Vile vya kati vikipita kwenye tundu dogo, au vikikwama kwenye kubwa, badilisha kipenyo cha tundu mpaka aina zote zitengane bila ubishi.

Mizani inayosema kweli

Mizani nyingi za darasani hutengenezwa kwa henga ya nguo na makopo mawili. Kwa mawe na vitabu inatosha. Kwa vizibo haifai. Kulabu ya henga iko juu sana kuliko mikono yake, na mizani inayoning'inia namna hiyo huwa nzito kuinama. Tofauti ya chini ya gramu moja inaifanya isogee kidogo tu, na watoto watasema viko sawa.

Mizani bora ni rula ya mbao au ubao mwembamba wa sentimita 30. Isimamishe kwa ukingo wake, yaani upande mpana uutazame uso wako. Toboa tundu moja katikati kabisa, kwenye alama ya sentimita 15, karibu na ukingo wa juu. Toboa matundu mengine mawili kwenye alama ya sentimita 1 na ya 29, yakiwa chini ya lile la katikati kwa kama milimita 5. Pitisha uzi wa kuning'inizia kwenye tundu la katikati, na kwenye yale ya pembeni funga sahani mbili zilizokatwa kutoka chini ya chupa mbili za maji za aina moja. Milimita hizo tano ndizo siri ya kazi yote. Tundu la katikati likiwa chini ya yale ya pembeni, rula inapinduka na haitulii kamwe. Likiwa juu mno, unarudi kwenye uvivu wa henga. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kutengeneza mizani kumi kwa kipindi kimoja cha stadi za kazi.

Kabla ya kutumika, mizani tupu lazima ikae sawa. Ikiinama, bandika kipande kidogo cha udongo upande ulioinuka mpaka itulie. Kisha fanya jaribio la kubadilishana: weka kizibo kulia na kifuniko kushoto, utazame kinachoshuka, halafu vibadilishane sahani. Kilekile kikishuka tena, mizani inasema kweli. Ikiwa ni sahani ileile inayoshuka kila mara, kosa liko kwenye mizani. Jaribio hili wafundishe na watoto, kwa sababu litahitajika somo likianza.

Somo lenyewe, dakika 60

Somo linachukua vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 30. Dakika kumi za kwanza, mwalimu asiseme neno lolote kuhusu ukubwa wala uzito. Kila kundi limwage vifuniko vyake juu ya dawati na kuambiwa: "Pangeni mafungu jinsi mnavyoona inafaa, kisha mtuambie mmefuata nini." Makundi mengi yatapanga kwa rangi, mengine kwa maandishi, mengine bati huku na plastiki kule. Yote ni sahihi maadamu kundi linaweza kuitaja kanuni yake na kila kifuniko kwenye fungu kinaifuata. Hapa mwalimu anasikiliza kitu kimoja: nani anabadilisha kanuni katikati. Mtoto aliyeanza na vyekundu, kisha akaongeza cha bluu kwa kuwa ni cha soda kama wenzake, bado hajashika kupanga kwa sifa moja, na huyo ndiye wa kukaa naye karibu hatua inayofuata.

Dakika 15 zinazofuata ni za ukubwa. Kila kundi linapewa kipimio na kupanga mafungu matatu. Mtoto mmoja analaza kifuniko juu ya tundu, wa pili anatangaza jibu, wa tatu anakiweka kwenye fungu, kisha wanabadilishana zamu. Matokeo yanayotarajiwa ni vifuniko 24 kwenye fungu la vidogo, vinne vya kati, viwili vikubwa. Watoto wengi watashangaa kuona kizibo cha soda na kifuniko cha maji vimeangukia fungu moja. Waache washangae, na wayaache mafungu yao palepale.

Sasa dakika 20 za uzito. Fungu la vidogo ndilo linalotumika. Kila mtoto ashike kizibo cha soda kiganja kimoja na kifuniko cha maji kiganja kingine, afumbe macho, kisha aseme. Majibu yatagawanyika, na hilo halina ubaya, kwani tofauti ya nusu gramu na ushee ni ndogo mno kwa mkono. Mwalimu aandike ubaoni ni wangapi wamesema soda, wangapi maji, wangapi sawa. Kisha aulize kabla ya kupima.

"Kipi kitashuka?"

"Cha maji, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kirefu."

Vinapowekwa kwenye sahani, kizibo cha soda kinashuka. Mara nyingi mtoto aliyekisia vingine hulaumu mizani, na lawama hiyo ipokelewe kwa heshima, maana ni swali la kweli. Mwalimu asimjibu kwa maneno. Amwambie abadilishe sahani. Soda inashuka tena upande wa pili. Hapo ushahidi umetoka mikononi mwa mtoto mwenyewe.

Hatua ya mwisho ya kupima inaweka namba kwenye tofauti hiyo. Kundi liweke vizibo vitano vya soda sahani moja, kisha liongeze vifuniko vya maji kimoja kimoja upande wa pili mpaka mizani ikaribie kukaa sawa. Tuseme kizibo kina gramu 2.2 na kifuniko gramu 1.5. Vizibo vitano ni gramu 11. Vifuniko vitano ni gramu 7.5, na mizani bado imeinama upande wa soda. Sita vinafika gramu 9, inainuka kidogo. Saba vinafika 10.5, iko karibu sawa. Vinane vinafika 12, na sasa upande wa plastiki ndio umeshuka. Watoto hawahitaji kuzijua gramu hizo. Wao wataandika kwamba vizibo 5 vya soda vinakaribia kulingana na vifuniko 7 vya maji. Kundi likipata tatu au kumi na mawili, angalia mambo mawili: mizani tupu inakaa sawa, na vifuniko ni vikavu.

Kizibo cha soda kinafaa kuwa kipimo cha wenzake kwa sababu vinafanana mno. Kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1892. Kizibo chake kilikuwa na meno 24. Vya leo vina 21, na viwanda hufuata vipimo hivyo ili kizibo chochote kiingie kwenye chupa yoyote ya aina yake. Watoto wakiyahesabu meno ya vizibo vya soda mbili tofauti, watapata 21 kwa 21.

Katika dakika kumi zinazofuata, sifa mbili zinakutana. Chora sakafuni kwa chaki jedwali la safu tatu kwenda chini, yaani vidogo, vya kati na vikubwa, na safu tatu za kukata, yaani vyepesi kuliko kizibo cha soda, vilivyo sawa nacho, na vizito kuliko hicho. Sasa kila kifuniko kina nyumba moja tu, na ili kukifikisha nyumbani ni lazima kipite kwenye tundu na kwenye mizani pia. Vizibo vya soda vitakaa vidogo na sawa. Vya maji vitakaa vidogo na vyepesi. Vile vya siagi ya karanga vitaangukia vikubwa na vizito. Chumba cha vikubwa na vyepesi huenda kikabaki kitupu. Usikijaze wewe. Waulize kama kitu cha namna hiyo kipo duniani, na kazi ya nyumbani iwe kukitafuta: mfuniko mpana ambao kizibo kimoja cha soda kinaushinda uzito. Kesho yake kuna atakayeleta kifuniko chembamba cha kikombe cha mtindi, na mwingine duara alilolikata kwenye karatasi.

Dakika tano za mwisho ni za upimaji. Mwalimu aonyeshe kifuniko kipya, kipana kuliko vyote, bila kumpa mtu akiguse, na aulize maswali mawili: "Ni kikubwa?" na "Ni kizito?" Swali la kwanza macho yanatosha kulijibu. La pili halijibiki kwa kutazama. Mwanafunzi anayejibu "ndiyo" kwa yote mawili amejifunza kutumia tundu, lakini mizani bado haijamwingia. Anayesema "ngoja tupime" amelipata somo. Aliye katikati ni yule anayesema "hapana" kwa swali la pili kwa kuwa leo ameona kidogo kikishinda. Yeye ameibadili kanuni moja ya kukisia kwa nyingine, na anahitaji jozi zaidi za kupima, zingine kubwa ikishinda na zingine ndogo ikishinda.

Kutoka vizibo hadi gramu

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi unawaanzisha watoto wa gredi ya kwanza kwa kupanga na kuainisha vitu, na uzito wanaanza nao kwa kulinganisha moja kwa moja, kipi kizito na kipi chepesi, kabla ya kilo kutajwa. Mpangilio huo ndio wa andalio hili pia. Gramu zina wakati wake, na wakati huo ukifika makopo yaleyale yanatumika tena.

Mizani ya dukani haiwezi kupima kizibo kimoja, kwa kuwa ni chepesi mno. Lakini wanafunzi wa darasa la nne wakienda na mfuko wa vizibo kwa muuza duka, wakamwomba awapimie robo kilo kamili, kisha wakahesabu, watapata vizibo kama 114 au karibu na hapo. Robo kilo ni gramu 250. 250 gawanya kwa 114 ni gramu 2.2 kwa kila kizibo. Wamepata uzito wa kitu ambacho mizani iliyotumika haikiwezi. Wakirudia kwa vifuniko vya maji watapata karibu gramu 1.5. Kisha wafungue daftari la darasa la pili watazame matokeo yao ya zamani: mara tano ya 2.2 ni 11, mara saba ya 1.5 ni 10.5. Hesabu inawaeleza kwa nini mizani ya rula ilikaribia kukaa sawa lakini haikutulia kabisa.